Ankara ya mali iliyofika stoo, na VAT ambayo huwezi kuidai yote: jinsi ya kuiingiza vitabuni

Ikikaribia tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya VAT kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, simu yangu huanza kuita. Swali huwa lile lile, maneno tu ndiyo hubadilika: "Ankara ina VAT ya 48,000. Mhasibu mkuu amesema tusidai yote. Sasa ile inayobaki naiweka wapi?"

Jibu fupi ni kwamba inayobaki inaingia kwenye gharama ya mali yenyewe. Haikai kwenye akaunti ya VAT ikisubiri muujiza, wala haikatwi kwenye deni la aliyekuuzia. Kazi iko kwenye kujua inayobaki ni kiasi gani, na inaingia kwenye mali ipi, hasa pale ambapo mali ilishafika stoo na nyingine imeshatumika kabla ankara haijakufikia. Hapo ndipo wengi wanapopotea, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Nitatumia mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Una kampuni inayomiliki jengo Mombasa. Chini kuna maduka, juu kuna fleti za kuishi. Kwa Sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013, kodi ya pango la duka inatozwa VAT ya asilimia 16, na pango la nyumba ya kuishi limesamehewa. Kampuni imesajiliwa kwa VAT kwa sababu ya maduka. Mwezi wa Machi mnapaka rangi jengo zima, na mmeagiza ndoo 60 za rangi za lita 20, kila ndoo shilingi 5,000 kabla ya VAT.

Ankara inasomeka hivi: rangi 300,000, VAT 48,000, jumla 348,000.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

Usifungue mfumo wa hesabu kabla hujavipata hivi vyote. Ukianza na ankara peke yake, utarudi nyuma mara tatu.

- LPO mliyotoa, yaani hati ya kuagiza mali, yenye idadi na bei.
- Hati ya kupokea mali, ile GRN ya stoo, iliyosainiwa na aliyehesabu ndoo kwa mkono wake.
- Ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, yenye PIN ya kampuni yako. Picha ya ankara ya kuandikwa kwa mkono haikusaidii kwenye VAT.
- Mgawo wa matumizi: ndoo ngapi za maduka, ngapi za fleti, ngapi za sehemu za pamoja kama ngazi, korido na geti. Huu anao msimamizi wa jengo au fundi mkuu. Mwambie auandike na atie sahihi.
- Orodha ya pango mlilotoza mwezi huo, maduka peke yake na fleti peke yake, bila VAT.
- Kadi ya stoo ya hiyo rangi, inayoonyesha kilichotoka na kilichobaki.

Mgawo wa matumizi ndio watu husahau, na ndio nguzo ya kazi yote. KRA wakija baada ya miaka miwili wakauliza kwa nini ulidai VAT ya ndoo 20, fundi aliyepaka atakuwa ameshahamia mji mwingine. Karatasi ndiyo itakayokujibia.

## Hatua kwa hatua

1. Linganisha LPO, GRN na ankara.

Idadi ya ankara iwe ile iliyopokelewa, na bei iwe ile mliyokubaliana. Katika mfano wetu rangi ilifika tarehe 6 Machi, ndoo 60, nzima zote. Siku hiyo ankara haikuwepo, rangi ilikuja na delivari noti tu. Kwa hiyo stoo iliingiza hivi:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Stoo: rangi | 300,000 | |
| Mali iliyopokelewa bila ankara | | 300,000 |

Hii akaunti ya pili ni ya kupitia tu. Inasema "tuna deni, lakini karatasi bado". Ankara ikifika inafutwa. Angalia kwamba VAT haimo kabisa katika ingizo hili, na kumbuka hilo, maana tutalirudia.

2. Hakikisha ankara inakupa haki ya kudai.

Soma PIN yenu herufi kwa herufi. Angalia tarehe pia: VAT ya manunuzi inadaiwa ndani ya miezi sita tangu kumalizika kwa mwezi ambao mauzo yalifanyika. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023, kuwa na ankara mkononi hakutoshi. Ni lazima aliyekuuzia awe ameitangaza ankara hiyo kwenye ritani yake.

Kama ankara ina kasoro, simamisha hapa na umpigie muuzaji arekebishe. Usiiingize "kwa muda" ukiwa na nia ya kuirudia. Hairudiwi.

3. Gawa mali katika mafungu matatu kwa matumizi yake.

Sheria, katika kifungu cha 17, haikuruhusu kuchukua VAT yote na kuikata kwa asilimia moja. Inataka kwanza uitenge ile inayojulikana inakokwenda:

- Ya mauzo yenye VAT peke yake: unadai yote.
- Ya mauzo yaliyosamehewa peke yake: hudai hata shilingi.
- Ya pande zote mbili, isiyoweza kutengwa: unadai kwa uwiano.

Msimamizi wa jengo ameandika ndoo 20 za maduka, 25 za fleti, na 15 za ngazi, korido na geti. Kila ndoo ina VAT ya 800. Ngazi zinapandwa na wapangaji wa fleti na pia wateja wa duka la nguo lililo ghorofa ya kwanza, kwa hiyo hakuna namna ya kuzitenga. Hilo ndilo fungu la tatu.

Kuwa mkweli hapa. Nimeona watu wakitupa kila kitu kwenye fungu la pamoja kwa sababu ni rahisi, na wengine wakigundua ghafla kwamba rangi yote ilikuwa ya maduka. Fundi hupaka fleti 12 kwa ndoo 25, hazipakwi kwa hewa.

4. Tafuta uwiano wa mwezi.

Uwiano ni mauzo yenye VAT gawanya kwa mauzo yote, thamani bila VAT. Mauzo ya kiwango cha sifuri, kama unayo, yanahesabiwa upande wa yenye VAT, kwa sababu kiwango cha sifuri si msamaha. Wengi huchanganya haya mawili kwa kuwa kwenye ankara yote yanaonyesha kodi sufuri.

Ankara ya rangi imefika tarehe 14 Machi na mwezi haujaisha. Tumia uwiano wa mwezi uliopita kwa muda. Februari maduka yalitozwa pango la 1,200,000 na fleti 800,000, jumla 2,000,000. Uwiano ni asilimia 60. Tutaurekebisha mwisho wa mwezi, katika hatua ya 8.

5. Piga hesabu ya VAT ya kudai na ya kuacha.

| Fungu | Ndoo | VAT | Unadai | Huwezi kudai |
|---|---|---|---|---|
| Maduka | 20 | 16,000 | 16,000 | 0 |
| Fleti | 25 | 20,000 | 0 | 20,000 |
| Pamoja (60%) | 15 | 12,000 | 7,200 | 4,800 |
| Jumla | 60 | 48,000 | 23,200 | 24,800 |

Jumla mbili za mwisho zirudi kwenye 48,000. Zisiporudi, usiendelee.

Sasa tazama kilichotokea kwa gharama. Ndoo ya duka imewagharimu 5,000. Ndoo ya fleti imewagharimu 5,800, kwa sababu zile 800 hazirudi. Ndoo ya ngazi ni 5,320, yaani 5,000 na asilimia 40 ya 800. Rangi ni moja, muuzaji ni mmoja, lori ni moja, lakini gharama ni tatu. Mtunza stoo atakuangalia kwa jicho la "huyu vipi?", na ana haki. Lakini ndivyo ilivyo. Kiwango cha uhasibu cha IAS 2 kinasema gharama ya kununua mali inabeba kodi zote isipokuwa zile unazorudishiwa na mamlaka ya kodi. VAT isiyorudi ni bei uliyolipa, sawa na nauli ya lori.

6. Uliza stoo: nini kimeshatoka?

Hatua hii haimo katika maelezo mengi ya VAT, na ndiyo inayoharibu hesabu za stoo.

Kumbuka ingizo la tarehe 6: rangi iliingia stoo kwa 5,000 kila ndoo, bila VAT. Kati ya tarehe 6 na 14 fundi hakusubiri ankara yako. Kadi ya stoo inaonyesha ametoa ndoo 10 za fleti. Zilitoka kwa 5,000 kila moja, na 50,000 zikaenda kwenye matengenezo ya fleti. Kumbe gharama yao halisi ni 5,800.

Ukiweka sasa VAT yote ya 24,800 kwenye stoo, utakuwa umezibebesha ndoo zilizobaki mzigo wa ndoo ambazo ziko ukutani tayari. Ndoo 15 za fleti zilizobaki zitaonekana kugharimu 6,333 kila moja, na mwezi ujao mwenye jengo atauliza kwa nini rangi imepanda bei.

Kwa hiyo gawa ile 24,800 hivi:

- Ndoo 10 za fleti zilizotumika: 10 mara 800 ni 8,000. Hizi zinaenda moja kwa moja kwenye matengenezo ya fleti.
- Ndoo 15 za fleti zilizobaki: 15 mara 800 ni 12,000. Stoo.
- Ndoo 15 za sehemu za pamoja, zote bado zipo: 15 mara 320 ni 4,800. Stoo.

Ukijumlisha 8,000, 12,000 na 4,800 unapata 24,800.

7. Ingiza ankara.

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| Mali iliyopokelewa bila ankara | 300,000 | |
| VAT ya manunuzi | 23,200 | |
| Stoo: rangi (12,000 + 4,800) | 16,800 | |
| Matengenezo ya fleti | 8,000 | |
| Muuzaji wa rangi | | 348,000 |

Akaunti ya mali iliyopokelewa bila ankara sasa iko sufuri kwa GRN hii. Ikibaki hata senti, kuna kitu hakikulingana katika hatua ya 1.

Na muuzaji anadai 348,000 nzima. Yeye ametoza VAT yake kihalali na ataipeleka KRA. Wewe kutoweza kuidai ni jambo kati yako na sheria, halimhusu.

Kwenye maelezo ya ingizo andika namba ya ankara, namba ya GRN na uwiano uliotumia. "VAT 60% ya muda, Feb" inatosha. Wewe mwenyewe utajishukuru tarehe 31.

8. Mwisho wa mwezi, weka uwiano halisi.

Machi imeisha. Katikati ya mwezi mlipata mpangaji mpya wa duka na familia moja ya fleti ikahama. Pango la maduka limefika 1,300,000 na la fleti 700,000. Uwiano halisi ni asilimia 65.

Fungu la maduka halibadiliki. La fleti halibadiliki. Linaloguswa ni la pamoja tu: 12,000 mara asilimia 65 ni 7,800. Ulishadai 7,200, kwa hiyo unaongeza 600, ambayo ni shilingi 40 kwa kila ndoo kati ya zile 15. Uliza stoo tena. Kufikia tarehe 31 ndoo 6 zimepaka ngazi na 9 zimebaki.

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---|---|
| VAT ya manunuzi | 600 | |
| Stoo: rangi (9 × 40) | | 360 |
| Matengenezo ya sehemu za pamoja (6 × 40) | | 240 |

VAT unayodai kwenye ritani ya Machi kwa ankara hii sasa ni 23,800. Kiasi hicho kiwe kile kile kwenye leja na kwenye iTax. Kama tofauti ni ndogo kama hii na kampuni yenu imeamua marekebisho chini ya kiasi fulani yaende yote kwenye matengenezo bila kugusa stoo, sioni ubaya, mradi iwe kanuni iliyoandikwa na si uvivu wa siku hiyo. Upande wa VAT, lakini, 600 ni 600.

## Makosa ninayoyaona kila mara

Kukata asilimia 60 ya VAT yote. Hili ndilo namba moja. Mtu anachukua 48,000, anapiga mara asilimia 60, anadai 28,800. Anayostahili kwa uwiano huo ni 23,200. Amedai 5,600 zaidi, na chanzo chake ni VAT ya rangi ya vyumba vya kulala vya watu. Uwiano ni wa fungu la tatu peke yake. Kwa jengo lenye maduka mengi yanayopakwa na fleti chache, kosa hilo hilo lingekunyima haki yako, na KRA hawatakupigia simu kukuambia umedai kidogo.

Kutumia pango lenye VAT ndani yake kwenye uwiano. Ukichukua fedha zilizoingia benki, maduka yanakuwa 1,392,000 badala ya 1,200,000, na uwiano unapanda kutoka asilimia 60 hadi karibu 63.5. Kwenye ankara hii ni tofauti ya kama 420 tu, na kwa kuwa ni ndogo hakuna anayeishtukia. Lakini inajirudia kwenye kila ankara ya pamoja, umeme wa korido, mlinzi, lifti, kila mwezi.

Kuacha VAT isiyodaiwa kwenye akaunti ya VAT. Hili nililifanya mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini. Niliingiza VAT yote ya ankara kwenye VAT ya manunuzi, nikadai sehemu kwenye ritani, nikijiambia salio lililobaki "litarekebishwa". Mkaguzi alipokuja, akaunti ilionyesha kwamba KRA wanatudai kidogo kuliko hali halisi, na hakuna aliyejua salio lile ni la ankara zipi. Nilikaa wiki mbili nikifukua faili, na gharama ya matengenezo ya mwaka mzima ikapanda mwezi wa Desemba peke yake.

Kufungua akaunti ya gharama iitwayo "VAT isiyodaiwa" na kutupa humo kila kitu. Hii ni bora kuliko ile ya juu, angalau inatoka kwenye VAT. Lakini inaficha gharama halisi ya fleti. Mwenye jengo akikuuliza kupaka fleti kumemgharimu kiasi gani, utamwambia 125,000, ilhali ametoa 145,000.

## Ukikwama

Mfumo wa stoo unatumia bei ya wastani na umechanganya ndoo zote. Basi kila ndoo itabeba VAT ya wenzake. Kwa uwiano wa asilimia 60 gharama yote ya ndoo 60 ni 324,800, yaani kama 5,413 kila moja, na maduka yatabebeshwa kodi ambayo mmeirudishiwa. Dawa ni kuitenga mali siku inapofika: namba tatu za bidhaa, au stoo ndogo tatu ndani ya mfumo, hata kama ndoo zenyewe zimepangwa kwenye rafu moja. Bandika karatasi kwenye ndoo: D, F, P. Inaonekana ya kitoto, lakini fundi anaielewa.

Mfumo una uwezo wa kuweka kodi ndani ya thamani ya mali. Tumia uwezo huo mapema, kwenye LPO au GRN, ili ndoo za fleti ziingie stoo kwa 5,800 tangu siku ya kwanza. Hatua ya 6 itakuwa nyepesi sana. Kwa mfano, kwenye ERPNext mstari wa kodi una sehemu ya `Consider Tax or Charge for`. VAT isiyodaiwa iwekee `Valuation and Total`, na ile unayodai iwekee `Total`. Jaribu kwanza kwa GRN moja ndogo, kisha ufungue leja ya stoo uone kama bei imebadilika kweli. Usiamini skrini ya ankara peke yake.

Ankara ni ya ndoo 60 lakini stoo imepokea 58. Usidai VAT ya ndoo ambazo hamna. Mwombe muuzaji noti ya krediti kupitia eTIMS kwa ndoo mbili, 10,000 na VAT 1,600, au alete ndoo zenyewe. Noti ikija, ipitishe kwenye fungu lile lile lililopungukiwa. Kama zilizokosekana ni za maduka, VAT unayodai inapungua kwa 1,600 yote. Kama ni za fleti, VAT unayodai haiguswi, inapungua gharama.

Ndoo za fleti zimeishia kupaka duka. Kama ritani ya mwezi haijapelekwa, badilisha mgawo, mwambie msimamizi asaini upya, na urudie hatua ya 5 kwa ndoo zilizohama. Kama ndoo tatu zimetoka fungu la fleti kwenda la maduka, 2,400 zinahama kutoka gharama kwenda VAT ya manunuzi. Kama ritani imeshakwenda, itabidi kuirekebisha, na hapo upime mwenyewe kama 2,400 inastahili usumbufu huo. Lakini ikiwa zilikuwa za duka zikapaka fleti, hakuna cha kupima. Umedai kisicho chako, kirekebishe.

Muuzaji bado hajaitangaza ankara kwenye ritani yake. Ingiza ankara vitabuni kama kawaida, kwa sababu deni lipo na mali ipo, lakini ile sehemu ya kudai iweke kwenye akaunti ndogo ya VAT inayosubiri, si kwenye ile unayoitolea ritani. Mkumbushe muuzaji kwa maandishi. Hesabu miezi sita kutoka mwisho wa Machi, kwa hiyo una hadi mwisho wa Septemba. Weka ukumbusho kwenye simu mwanzoni mwa Agosti, si Septemba, maana muuzaji naye anahitaji muda wa kurekebisha ritani yake.

Akaunti ya mali iliyopokelewa bila ankara imebaki na salio la 24,800 au kiasi kinachokaribiana nalo. Karibu mara zote maana yake ni kwamba mtu ameingiza VAT isiyodaiwa kwenye akaunti hiyo badala ya stoo na matengenezo. Fungua ingizo la ankara, hamisha kiasi kile kwenda mahali pake kwa mgawo wa hatua ya 6, na salio litarudi sufuri.

Salio la stoo limekuwa na thamani lakini idadi ni sufuri. VAT iliongezwa stoo baada ya ndoo zote kutoka. Hakuna ndoo ya kuibeba, kwa hiyo itoe stoo na uipeleke kwenye matengenezo ya fungu husika. Angalia tarehe ya kadi ya stoo na tarehe ya ankara. Utakuta ankara ilikuja kwa kuchelewa, na aliyeiingiza hakuuliza kama kuna rangi iliyobaki.